Fomu ya kibali haikatazi kitalu chako, inauliza unamuuzia nani

Mabwana shamba wa kampuni moja inayonunua maparachichi ya Hass wilayani Rungwe wamepewa karatasi mbili za kusaini. Ya kwanza ni sera ya kazi na biashara za nje, ukurasa mmoja na nusu. Ya pili ni fomu ya kuomba kibali. Haikupita wiki, habari ikawa imeshafika stendi ya Tukuyu na kuendelea hadi Mbeya mjini, na njiani ikageuka kabisa: eti kampuni imepiga marufuku wafanyakazi kuwa na miradi yao. Nimeisoma sera hiyo neno kwa neno na marufuku hiyo sikuiona. Inachosema ni kwamba mfanyakazi mwenye kazi nyingine, au biashara inayogusana na kazi ya kampuni, aitaje kwa maandishi, aombe kibali, asiifanye ndani ya saa za kazi, na asitumie taarifa za siri alizozipata kazini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwajiri ana haki ya kudai kibali cha namna hiyo, na kikiandikwa vizuri kinamkinga mfanyakazi kuliko kinavyomkinga mwajiri. Lakini uhalali wake unaishia kwenye mgongano wa maslahi, muda na siri. Kikianza kuuliza faida anayopata mtu, au kikilala kwenye droo ya meneja bila jibu, hakuna sababu ya mtu kukisaini. Na hii fomu ya Rungwe ina pengo moja ambalo linapaswa kuzibwa kabla ya sahihi.

Tuanze na hali ilivyo huku kwetu. Nyanda za juu kusini, mtu mwenye ajira na asiye na kitu kingine ni wa kutafuta. Mwalimu wa Uyole ana viazi, karani wa Mafinga ana ekari mbili za misindano, muuguzi wa Mbarali ana jaruba la mpunga Usangu, na mlinzi anayefunga geti saa kumi na mbili asubuhi anapitia dukani kwake kabla ya kwenda kulala. Hakuna anayeona ajabu. Kuna wakati taifa lilijaribu njia nyingine. Azimio la Arusha la 1967 lilimzuia kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni na kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa kwa nchi nzima na uamuzi wa chama uliopitishwa Zanzibar mwaka 1991. Watu husahau kwamba Azimio liliwabana viongozi, si kila mwenye ajira, na kwamba shabaha yake ilikuwa mtu mwenye madaraka asiyatumie kujinufaisha. Kwa maoni yangu kilichobaki kwenye fikra zetu ni ile nusu mbaya: kwamba kutaja mradi wako mbele ya bosi ni kujikamatisha, kwa hiyo uandike kwa jina la mke, la shemeji, au la mtoto. Ndiyo maana leo mtu akipewa fomu ya kibali anasikia neno marufuku hata kama halimo.

Sheria nayo inasaidia kuweka mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi saa 45 kwa wiki, saa tisa kwa siku, mbali na saa za ziada zinazokubaliwa na kulipwa. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Maana yake ni kwamba Jumapili ya bwana shamba si mali ya kampuni, na mwajiri anayesema "wewe ni wetu muda wote" anadai kitu ambacho hakukinunua. Lakini sheria hiyohiyo inataka mwajiri anayemfukuza mtu awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki, na Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinauliza maswali ya msingi sana kabla ya kukubali kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu: je, kulikuwa na kanuni? Ilikuwa wazi na yenye busara? Mfanyakazi aliifahamu? Imekuwa ikitumika kwa wote sawasawa? Na je, kumfukuza ndiyo adhabu inayolingana na kosa? Mwajiri asiye na sera iliyoandikwa anakwama kwenye swali la kwanza. Mfanyakazi ambaye hajawahi kutaja biashara yake anaweza kushinda hapo kwa bahati, lakini jina lake limeshachafuka.

Jambo hili nililiona kwa karibu nilipokaa kwenye kikao cha nidhamu nikiwa mwakilishi wa mfanyakazi. Kampuni ilikuwa nyingine, na mambo yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyabadilisha. Alikuwa bwana shamba mwenye wakulima 140 katika kata mbili. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kitalu cha miche 2,500 ya parachichi, ambayo aliibebesha mwenyewe, yaani kuunga kikonyo cha aina bora kwenye mche wa mbegu, usiku kwa taa na siku za Jumapili. Mche aliuza shilingi 5,000. Kazi yake ofisini ilikuwa kutembelea mashamba, kushauri upunguzaji wa matawi na mbolea, na kuandika miti inayopaswa kung'olewa na kupandwa upya. Meneja wake aligundua kitu kwenye daftari la mwisho wa msimu. Katika kata zake alikuwa amependekeza miti 900 ing'olewe, wakati mwenzake wa kata za jirani, mwenye wakulima karibu idadi hiyohiyo, alikuwa na miti 250. Zidisha 900 mara 5,000, ni shilingi milioni nne na nusu za mauzo, na mkulima anayeambiwa na bwana shamba wake kwamba mti huu haufai atanunua wapi mche mwingine kama si kwa bwana shamba huyohuyo?

Aliitwa kikaoni kwa tuhuma za kuwalaghai wakulima. Alikuja na mizizi aliyoifunga kwenye gazeti. Akaifungua mezani. Mizizi midogo, ile inayonyonya maji na chakula, ilikuwa myeusi na ilikatika kama njiti ya kiberiti iliyokwisha ungua. Mzizi mzima wa parachichi huwa na rangi ya krimu na unapinda bila kukatika. Akaeleza kwamba kata zake ziko bondeni, ardhi inatuamisha maji, na ugonjwa wa kuoza mizizi umeingia: majani yanakuwa madogo na kufifia rangi, matawi yanaanza kukauka kutoka juu, mti unabeba matunda mengi madogo mwaka mmoja halafu unakufa. Kampuni ikatuma mtu mwingine akague miti 60. Sehemu kubwa ilikuwa inaumwa kweli. Ushauri wake kwa jumla ulikuwa sahihi.

Kesi hii nimeikumbuka kwa miaka kwa sababu ushauri sahihi haukumsaidia. Alinusurika kufukuzwa kwa kuwa kampuni haikuwa na sera yoyote juu ya biashara za nje, akaishia na barua ya onyo. Lakini wakulima walikwisha sikia. Msimu uliofuata wengi walikataa kung'oa mti wowote, hata uliokuwa umekauka nusu, wakiamini kila mche ni biashara ya bwana shamba. Ugonjwa ukabaki kwenye udongo na maji ya mfereji yakaendelea kuubeba kwenda shamba la chini. Mtu mwenye maslahi yaliyofichwa akisema kweli, kweli yake haina thamani, kwa sababu anayemsikiliza hana namna ya kuitenganisha na faida yake. Watu wanafikiri mgongano wa maslahi ni jina jingine la wizi. Huyu hakuiba chochote. Alikaa mahali ambapo ushauri wake na mfuko wake vilielekea upande mmoja, bila mtu mwingine kujua.

Sasa tujiulize fomu ya kibali ingemfanyia nini. Angeandika: nina kitalu, miche 2,500, nafanya kazi humo usiku na Jumapili, nawauzia wakulima wa wilaya hii. Kampuni isingekuwa na sababu ya kumnyima, kwa kuwa kubebesha miche ni ujuzi wake na usiku ni wake. Ingempa kibali chenye masharti mawili. Asiwauzie miche wale wakulima 140 anaowashauri, na pale anapopendekeza kung'oa zaidi ya miti kadhaa kwenye shamba moja, mwenzake wa kata ya jirani aje atazame na aweke sahihi. Rungwe na Busokelo zina wakulima wa kutosha nje ya kata zake mbili, na miche isingemdodea. Daftari lenye miti 900 lingefika kwa meneja likiwa na sahihi mbili, na mizizi ile myeusi ingejadiliwa kama ugonjwa wa bondeni badala ya kuletwa kikaoni kama ushahidi wa utetezi. Kipande hicho cha karatasi kingemlinda yeye, wakulima, na udongo.

Upande wa taarifa za siri ndio unaochanganya watu zaidi, kwa sababu sera nyingi huandika "taarifa zote za kampuni" na kuachia hapo. Kauli hiyo ni pana mno kiasi kwamba haimwambii mtu lolote. Ujuzi wa kubebesha, kupogoa, kupima mbolea na kutambua ugonjwa ni wa mfanyakazi, hata kama aliupata kwenye mafunzo yaliyolipiwa na kampuni, na ataondoka nao siku akiacha kazi. Siri ni kitu kingine. Chukua kipimo cha ukavu wa tunda. Kabla ya kuvuna, bwana shamba anachukua sampuli ya nyama ya parachichi, anaipima, anaikausha mpaka uzito usipungue tena, anaipima upya. Gramu 10 zikibaki gramu 2.3, ukavu ni asilimia 23. Kiwango cha kimataifa kwa Hass hakishuki chini ya asilimia 21, na tunda lililochumwa kabla ya wakati linanyauka bila kuiva vizuri. Kampuni ikishajua kwamba mashamba kumi na mawili ya kata fulani yamefikia kipimo, inapanga gari la keshokutwa. Dalali hana kipimo hicho. Akikipata kwa simu moja usiku, anatangulia na shilingi 100 zaidi kwa kilo. Tuseme kila shamba lilitarajiwa kutoa kilo 600. Gari lililokodishwa kwa tani saba linarudi na tani mbili, na kontena la baridi linalobeba zaidi ya tani 20 linasubiri bandani huku matunda yaliyokwisha chumwa yakizidi kuelekea kuiva. Mtu mwenye biashara ya udalali pembeni, au mwenye ndugu dalali, hawezi kupewa kibali kwa masharti yoyote, kwa sababu hakuna namna ya kusahau namba uliyoiandika mwenyewe mchana.

Kwa hiyo sera inapaswa kuzitaja siri hizo kwa majina: orodha ya wakulima pamoja na idadi ya miti yao, vipimo vya ukavu kabla ya mavuno, bei ya kununulia kabla haijatangazwa, na mikataba ya wanunuzi wa nje. Namba za simu na za akaunti za wakulima ni jambo zito zaidi, kwa kuwa wenyewe hasa ni wakulima. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, kampuni inayozikusanya inawajibika kwa namna zinavyotumika, hata na mfanyakazi wake anayetangazia miche. Na hapa ndipo kosa la waajiri wengi lilipo. Kundi la WhatsApp la wakulima wa kata limefunguliwa na bwana shamba kwa laini yake binafsi, simu yake mwenyewe, bando analonunua yeye. Matangazo ya mafunzo yanapita humo, na matangazo ya miche pia. Siku akiondoka, kundi zima linaondoka naye. Huwezi kumshtaki mtu kwa kuchukua orodha uliyomwachia aitunze mfukoni mwake. Kampuni inayotaka kulinda orodha yake itoe laini ya ofisi, kundi lifunguliwe kwa laini hiyo, na bwana shamba aikabidhi kama anavyokabidhi pikipiki.

Suala la muda ni jepesi kulieleza, ingawa ndilo linalopigiwa kelele. Saa za kazi hazilindwi kwa kumkataza mtu asiwe na kitalu. Zinalindwa kwa kuangalia kazi yenyewe. Bwana shamba anayepewa lita tano za mafuta kwa wiki ana daftari la safari na pikipiki ina kisoma kilomita. Kama daftari linaonyesha mashamba yaliyo ndani ya kilomita 90 na kisomeo kimetembea kilomita 200, kuna kilomita 110 za kuulizia, awe na kitalu au asiwe nacho. Miche huuzwa sana mvua zinapoanza, Novemba na Desemba, na miezi hiyohiyo ndiyo wakulima wa kampuni wanahitaji mtu wa kuwaelekeza kupanda. Kibali kingeweza kusema tu: wateja wa kitalu wachukue miche kabla ya saa moja asubuhi au Jumapili, na pikipiki ya kampuni isibebe mche hata mmoja.

Kuna aina moja ya kazi ambapo mwajiri ana haki ya kuuliza hata saa zisizo zake. Dereva wa lori anayeshusha mzigo Iringa saa mbili usiku, akalala saa tatu tu kwa sababu alikwenda kupiga deiwaka kwenye gari la mtu, halafu alfajiri akashika usukani kuuteremka mlima Kitonga, hajavunja siri yoyote na hajaiba dakika ya mwajiri. Lakini zile saa 12 za mapumziko ziliwekwa kwa ajili ya miili ya watu wote walio kwenye barabara ile. Kumnyima dereva kibali cha udereva wa usiku ni halali kabisa. Kumnyima dereva huyohuyo kibali cha kufuga kuku ni uonevu.

Sasa niwasikilize wanaopinga, kwa kuwa hoja zao hazilingani uzito. Wafanyakazi wanasema mshahara hautoshi. Ni kweli, na sitabishana na mtu anayelipa ada ya watoto watatu. Lakini mshahara mdogo unaeleza kwa nini mtu anahitaji kuuza miche. Hauelezi kwa nini lazima amuuzie mkulima ambaye asubuhi alimwambia ang'oe mti. Hoja yao ya pili ni kwamba biashara iko kwa jina la mke, kwa hiyo haiwahusu. Mke haombi kibali kwa mwajiri wa mumewe, na sera yoyote inayomtaka aombe imevuka mpaka. Anayetakiwa kusema ni mfanyakazi: kwamba kaya yangu inanufaika na kitalu hiki. Jina lililo kwenye leseni halibadilishi ushauri anaoutoa shambani.

Kwa upande wa waajiri, hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema tukataze kila kitu, itakuwa rahisi kusimamia. Nimeisikia kwa mameneja wenye elimu nzuri na uzoefu wa miaka. Katika mkoa ambao kila mtu ana shamba, marufuku ya jumla inawafanya wafanyakazi wote kuwa wakosaji siku hiyohiyo. Hutaweza kuwafukuza wote, kwa hiyo utamchagua mmoja, na hapo swali la nne kabla ya kumfukuza, kama kanuni ilitumika sawa kwa wote, litakuangusha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mbaya zaidi, hutaona tena kitu. Kitalu kitahamia kwa shemeji, dalali atakuwa binamu, na wewe utabaki na faili safi lenye karatasi zinazosema hakuna mfanyakazi mwenye biashara. Marufuku inayodaiwa kuwa rahisi inamnyima meneja kitu pekee alichokihitaji, yaani kujua nani anamuuzia nani.

Hoja ninayoiheshimu ni ya tatu, na inatoka kwa wafanyakazi wa kawaida. Wanasema: tukiandika miradi yetu, meneja ataiona, ataionea wivu, au ataiiga. Dada mmoja wa ghala kule Makambako aliniuliza, "Kaka, nikiandika kwamba nanunua maharage Njombe nauza Dodoma, na nikaandika na mteja wangu ni nani, wiki ijayo si nitamkuta mtoto wa meneja yuko palepale?" Nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu hofu yake ina msingi. Na hili ndilo pengo la fomu ya Rungwe. Ina kipengele kirefu kinachomtaka mfanyakazi atunze siri za kampuni, hata baada ya kuacha kazi. Haina hata mstari mmoja unaosema kampuni itatunza siri za mfanyakazi. Fomu iliyojazwa itasomwa na nani? Itakaa wapi? Nani atazuiwa kuitumia? Biashara aliyoitaja mtu kwenye fomu ni taarifa yake binafsi, na sheria ile ya 2022 haibagui kati ya mkulima na mfanyakazi. Mwajiri anayedai siri kwa upande mmoja tu anawafundisha watu kuandika "sina biashara yoyote."

Pengo hilo likizibwa, yanayobaki ni machache na yanaandikika. Shamba la familia, mifugo, nyumba ya kupangisha na uongozi wa kikoba au kanisani visihitaji kibali. Fomu isiulize faida. Iulize aina ya shughuli, saa zake, mahali pake, na kama wateja au wauzaji wake ni walewale wa kampuni. Jibu litoke ndani ya siku kumi za kazi, na meneja akikaa kimya, shughuli isiyogusa biashara ya kampuni ihesabiwe imekubaliwa. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na awe na mtu wa kumrudia ambaye si bosi wake wa moja kwa moja. Miradi iliyokuwepo kabla ya sera ipewe muda wa kutajwa bila adhabu, kwa sababu huwezi kumwadhibu mtu kwa kitalu alichokipanda kabla hujaandika kanuni. Na kwa kuwa jambo hili linabadilisha masharti ya kazi, sheria ya 2004 inataka mwajiri azungumze na wafanyakazi kabla ya kuyabadilisha. Kuwakabidhi karatasi getini wakiwa wamekwisha vaa kofia za pikipiki si mazungumzo.

Mabwana shamba wa Rungwe wamepewa hadi mwisho wa mwezi. Wale walionipigia simu nimewashauri wasiikatae fomu na wasiisaini ilivyo. Waende pamoja, wamwombe meneja aongeze mstari huu chini ya kipengele cha siri: "Taarifa za biashara ya mfanyakazi zilizomo kwenye fomu hii zitasomwa na afisa rasilimali watu na meneja anayetoa kibali pekee, na hazitatumiwa kwa shughuli yoyote ya kampuni wala ya mtu binafsi." Jana jioni mmoja wao alinitumia picha ya fomu yake. Ameshajaza: kitalu, miche 1,200, kata isiyo yake, Jumapili baada ya ibada. Mstari ule ameuandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, pembeni ya kipengele cha sita. Mahali pa sahihi, yake na ya meneja, bado pako wazi.